Jina Ndani ya Wimbo: Historia Fupi ya Nyimbo za Kuagizwa Huku Kwetu



Kamati ya jubilii iliponiomba niandike ukurasa wa historia, nilidhani kazi yenyewe ni kufungua madaftari ya kwaya na kunakili: nani alikuwa mwenyekiti, sare za kwanza zilikuwa za rangi gani, tulinunua kinanda lini. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki na wenzangu wameyaandika vizuri. Lakini nilipokuwa nikisoma madaftari yale niliona jambo moja linarudi katika kila kikao, kuanzia miaka ya mwanzo mpaka mwezi uliopita: "Familia fulani imeomba wimbo." Mara ni harusi, mara ni matanga, mara ni mwana aliyemaliza chuo, mara ni mzee anayefungua nyumba mpya. Na karibu kila mara, mistari michache chini yake, kuna mabishano. Tuchukue pesa au tusichukue? Majina tuyaweke mangapi? Nani aanze? Kwa hiyo nimeamua kuandika historia ya jambo hilo, kwa sababu ni la zamani kuliko kwaya yetu na ni la zamani kuliko kanisa letu hapa.

Wazee wetu walikuwa na mtu wa kazi hiyo. Aliitwa jathum, yaani mtu wa muziki, na chombo chake kilikuwa nyatiti. Vijana wengi wa siku hizi wameiona nyatiti katika mashindano ya shule tu, basi nieleze kidogo. Ni kinubi cha nyuzi nane, bakuli lake la mbao limefunikwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji huketi chini kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala ubavu mbele yake. Mguuni amefunga njuga zinazoitwa gara, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma, oduong'o, ambayo huigonga kwenye mti wa chombo ili kupata mdundo. Mtu mmoja, basi, ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Henry Owuor Anyumba, msomi aliyeandika juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti mwaka 1964, aliziona kuwa ushairi wa kweli unaostahili kuandikwa na kusomwa, si kelele za kupitisha usiku.

Jathum alikuwa anakwenda msibani. Hapo ndipo kazi yake kubwa ilipokuwa. Aliingia bomani akiwa ameshauliza habari njiani: marehemu ni mwana wa nani, ametoka nyumba ipi, aliacha nini, alipenda nini, alipigana na nani. Akianza kuimba, alimtaja marehemu, akawataja walio hai, akajitaja na yeye mwenyewe. Mwombolezaji aliyetaka mzazi wake atajwe vizuri alitoa kitu: kuku, fedha, au ahadi ya mbuzi. Wimbo haukuwa umeandikwa mahali popote. Jathum alikuwa na mwendo wa nyuzi alioujua, na ndani ya mwendo huo aliacha nafasi, kama mwalimu anavyoacha nafasi katika sentensi ya kujaza. Majina yalikuja siku hiyohiyo na kuingia pale.

Hapo tunaona siri ya kwanza ya kazi hii. Wimbo wa kuagizwa una sehemu mbili: sehemu inayobaki na sehemu inayobadilika. Jathum alijua kabisa ipi ni ipi. Sisi wa kwaya, kama nitakavyoeleza, tulichukua muda kuijua.

Baadaye mambo yalipanuka. Watu hawakutaka tu kutajwa na mwimbaji. Walitaka kujitaja wenyewe, na muziki uwape nafasi. Hiyo ndiyo pakruok. Anayetaka kujisifu anatoa pesa, mwimbaji anaashiria, muziki unasimama au unanyamaza chini, na mtu anasimama na kusema yeye ni nani: "An wuod…" mimi ni mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, natoka mahali fulani, mimi ni kama kitu fulani ambacho hakuna awezaye kukishinda. Akimaliza, watu wanashangilia, muziki unapanda tena. Halafu jirani yake hawezi kuvumilia, naye anainuka na noti. Nimeona sherehe ambapo wimbo mmoja umekwenda karibu saa nzima kwa sababu ya hilo, na bibi arusi amesimama katikati kama mti, keki inayeyuka. (Kina mama wa jikoni wa siku ile wanajua ninasema harusi ipi.)

Ukitazama vizuri, pakruok ni biashara ya muda. Anayetoa pesa hanunui maneno, maana maneno ni yake mwenyewe. Ananunua kimya cha muziki, ananunua masikio ya watu kwa nusu dakika. Ndugu zetu wa Pwani wana desturi inayofanana lakini imegeuzwa. Katika taarabu ya harusi za Mombasa na Unguja, msikilizaji hasimamishi wimbo. Anangoja mpaka mwimbaji afike kwenye ubeti unaomgusa, ndipo anainuka taratibu na noti yake, anakwenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu wote. Hajasema neno hata moja, lakini kila mtu aliyepo anajua ule ubeti ameuchukua kuwa wake, na wengine wanajua pia umeelekezwa kwa nani. Huko nako kulikuwa na kuagiza maneno: mtunzi ni mmoja, mwimbaji ni mwingine. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi mengi yaliyotungwa na Ahmad Nassir, jamaa yake, naye Ahmad Nassir alikuwa mshairi anayejulikana kwa vitabu vyake. Na katika taarabu pia wimbo wa kuagizwa ungeweza kuwa wa kumpasha mtu: jirani, mke mwenza, mkwe. Naomba tukumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Kisha yakaja magitaa, na baada ya magitaa zikaja sahani za santuri. Muziki wa benga ulikua katika nchi yetu hii ya ziwa, na mmoja wa wakubwa wake alikuwa jirani yetu kabisa. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, na bendi yake ya Shirati Jazz ilipewa jina la huko. Aliaga dunia mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani huko Kisumu. Misiani alijulikana zaidi kwa nyimbo za mafumbo ya siasa, ambazo zilimtia matatani na serikali zaidi ya mara moja, lakini wanamuziki wa benga kwa jumla waliishi pia kwa kusifu watu. Tajiri, mwalimu mkuu, mwenye duka, msichana mrembo wa kijiji fulani: majina yao yaliimbwa, na wengi wa waliotajwa walikuwa wamesaidia bendi kwa namna moja au nyingine.

Santuri ilibadilisha kitu kimoja ambacho watu hawakifikirii. Upande mmoja wa sahani ndogo ulichukua kama dakika tatu hivi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga ziligawanywa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule. Ndani ya dakika tatu hakuna nafasi ya kusimamisha muziki ili mzee ajisifu. Kwa hiyo mwimbaji akarudi kuwa jathum wa zamani: yeye mwenyewe aliingiza jina, kwa haraka, mara nyingi kabla gitaa halijachangamka kwenye sehemu ya kucheza. Lakini tofauti na jathum, jina hilo sasa halikubadilika tena. Likishachapishwa, limechapishwa. Mtu akigombana na mwanamuziki wiki iliyofuata, jina lake bado linazunguka kwenye gramafoni za watu mpaka mbali asikokujua.

Kanisani nako hatukuwa mbali na jambo hili la kuagiza. Wimbo wa taifa letu wenyewe uliagizwa. Mwaka 1963, serikali ilipokaribia uhuru, wanamuziki watano walipewa kazi ya kuutayarisha: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua lahani ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mmoja wao, Washington Omondi, baadaye alikwenda kusoma London, na utafiti alioumaliza mwaka 1980 ulikuwa juu ya thum, kinubi kilekile cha Wajaluo nilichokieleza hapo juu. Yaani mtu mmoja alijua wimbo wa kuagizwa na taifa na pia wimbo wa kuagizwa na mwombolezaji mwenye kuku mkononi. Tofauti iko wazi kwa yeyote aliyeimba wimbo wa taifa gwaride la asubuhi shuleni: hauna jina la mtu hata mmoja. Ndiyo maana haujawahi kuhitaji kubadilishwa. Wimbo wa harusi hauna bahati hiyo. Ukiondoa majina, familia itauliza pesa yao imekwenda wapi.

Sasa nije kwetu.

Katika daftari la kwanza, kwaya haikutunga kwa familia. Tuliimba nyimbo za kitabuni, na katika harusi tuliongeza jina la bwana na bibi arusi katika kiitikio cha wimbo uliojulikana. Hilo lilitosha mpaka Osiri ilipojaa watu. Wenye mashimo ya dhahabu walikuja kutoka kila upande: Wakuria, Wakisii, ndugu kutoka Tanzania, pamoja na sisi wa Kadem. Harusi ya mtu wa mashimoni huleta wageni ambao hawaelewi Kijaluo, na hapo ndipo tulipoanza kuombwa nyimbo za Kiswahili zilizotungwa mahususi. Pia pesa ya mashimo haina ratiba. Shimo likitoa, mtu anataka harusi mwezi uleule, na anataka wimbo wiki ileile.

Kwa haraka hiyo tulifanya kosa ambalo nadhani kila kwaya imelifanya. Tulikuwa na wimbo mzuri tuliotunga kwa bwana arusi aliyeitwa Odhiambo. Mwezi uliofuata akaja Okoth, nasi tukasema: wimbo upo, badilisha jina tu. Jaribuni wenyewe mtaona. Odhiambo lina silabi nne, O-dhi-a-mbo, na linamalizika kwa irabu, kwa hiyo sauti ya kwanza iliweza kulivuta neno mpaka mwisho wa mstari huku besi ikitembea chini. Okoth lina silabi mbili tu na linafungwa kwa konsonanti. Noti nne zimebaki, silabi mbili. Tulivuta "Ooo-kooo" kisha wote tukakwama kwenye "th" kila mmoja kwa wakati wake, kama matairi manne yanayopasuka kwa zamu. Wageni walicheka. Mbaya zaidi, nusu yao walikuwa kwenye harusi ya kwanza, na mama mmoja alisema kwa sauti, "Huu si ule wa Odhiambo?"

Tangu hapo tunapima jina kabla ya kutunga lahani, si baada. Mashairi ya Kiswahili yana mizani, na mistari ya silabi nane hukaa vizuri kwenye hatua nne za solfa. Chukua mstari rahisi kama huu tuliotumia kwa bibi arusi aliyetoka Karungu: "Binti wa Karungu njoo." Hesabu silabi: bi-nti-wa-Ka-ru-ngu-njo-o, nane. Na unaofuata: "Kadem wamekungojea." Ka-dem-wa-me-ku-ngo-je-a, nane pia, kwa sababu Kadem ni silabi mbili. Majina yanayofungwa kwa konsonanti, kama Kadem, Okoth, Achieng', tunayaweka mwanzo au katikati ya mstari ambapo sauti inapita haraka. Mwisho wa mstari, ambapo kwaya inapenda kuvuta, tunaweka neno la irabu. Kama jina ni lazima liwe mwisho, tunakubaliana kuvuta ile irabu ya ndani na kufunga mdomo pamoja mkono wa mwongozaji unaposhuka. Mazoezi ya jambo hilo dogo huchukua jioni nzima.

Tukitunga kwa Kijaluo kuna shida nyingine zaidi, maana lugha yetu ina toni. Neno linaloandikwa kendo laweza kuwa kuoa, laweza kuwa mahali pa kupikia, laweza kuwa "tena." Mzungumzaji hachanganyikiwi, kwa sababu sauti na maneno ya kando yanamwongoza. Lakini lahani ikipanda pale ambapo neno linataka kushuka, msikilizaji mzee anakunja uso, anasikiliza tena, na katika kukunja uso huko mstari unaofuata umempita. Kwa hiyo mtunzi wetu husema mstari kwanza kama mazungumzo, mara tatu nne, kisha ndipo anautafutia noti zinazofuata njia ileile. Nyimbo zetu za Kijaluo ambazo zimedumu ni zile zilizoanza mdomoni. Zile zilizoanza kwenye kinanda zimesahaulika.

Lakini hesabu ya silabi si jambo gumu. Jambo gumu ni nani anatajwa na nani anatangulia.

Nitaeleza harusi moja bila jina la familia, na wenyewe wameniruhusu. Ndugu mkubwa wa bwana arusi alituletea orodha kwa ujumbe wa simu: babu, baba, mama, mjomba, shangazi, marafiki wawili wenye magari. Alilipa shilingi 3,000 za kutangulia na akaahidi 4,000 siku ya sherehe. Tulitunga beti tatu. Ubeti mmoja unabeba majina manne, si zaidi. Ukizidisha unakuwa rejista ya darasa. Tukafanya mazoezi wiki mbili, tukaimba vizuri sana siku ile, na nasema hivyo bila kujisifu, hata video ipo. Katikati ya ubeti wa pili mama mmoja mzee aliyeketi kwenye meza ya mbele aliinuka, akachukua leso yake, akatoka nje ya hema. Hakurudi.

Baada ya chakula nilimfuata chini ya mti. Nilimwamkia, naye akaitikia, kisha akasema polepole: "Mwalimu, sikusikia nyumba yangu."

Baba wa bwana arusi alikuwa na wake wawili. Mama aliyetajwa katika wimbo alikuwa mikayi, mke wa kwanza, na ndiye aliyemzaa bwana arusi. Mama aliyekaa chini ya mti alikuwa nyachira, mke wa pili, na ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka miwili, kwa sababu mikayi alikuwa mgonjwa muda mrefu. Ndugu mkubwa aliyeleta orodha alijua hayo yote. Alikuwa na kesi ya shamba na watoto wa nyachira. Tulichoimba mbele ya watu mia tatu ilikuwa sehemu ya kesi hiyo, na sisi hatukujua. Kumbukeni nilivyosema juu ya taarabu ya kupasha: sisi tulikuwa tumempasha mama yule bila kutumia neno baya hata moja. Tulimpasha kwa kumnyamazia.

Kikao cha kwaya cha Jumatano iliyofuata kiko kwenye daftari la tatu, na mwandiko ni wangu, unatetemeka. Wengine walisema kosa ni la familia, sisi tumeimba tulichopewa. Wengine walisema ndiyo sababu kwaya ya kanisa haifai kuchukua pesa ya kusifu watu kabisa; tuimbe za kitabu, basi. Mwalimu wa kwaya wakati huo, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alisema jambo ambalo lilinyamazisha chumba. Alisema jathum wa zamani asingekosea hivyo, kwa sababu alifika usiku uliotangulia na kukaa na watu, akanywa chai yao na kuuliza. Sisi tulikaa nyumbani tukangoja ujumbe wa simu.

Tuliirudisha ile 4,000. Halafu tukaandika utaratibu ambao tunaufuata mpaka leo. Orodha haiji kwa simu. Katibu pamoja na mtu mmoja wa sauti ya kwanza na mmoja wa besi wanakwenda bomani, na kila nyumba ya mji ule inaitwa: mikayi, nyachira, na kama kuna reru, yaani mke wa tatu, naye pia. Majina yanatajwa kwa utaratibu wa nyumba, si kwa ukubwa wa mfuko. Upande wa bibi arusi tunauliza shangazi, kwa sababu shangazi ndiye anayejua bibi arusi anaitwaje kwao. Wanawake wetu hutajwa kwa walikotoka, nyar Karachuonyo, nyar Kanyamkago, nyar Gwassi, na ukikosea hapo umemwoza binti wa watu wengine. Baadaye maneno yote yanasomwa kwa sauti mbele ya pande zote mbili kabla ya kuwekewa noti. Asiyependa aseme hapo. Mara mbili tumeombwa kuingiza mstari wa kuwachoma wakwe, mmoja juu ya mahari isiyomalizika, na mara zote mbili kusomwa kwa sauti kulitosha kuufuta. Aliyeuleta hakuweza kuusikiliza mbele ya wenyewe.

Kuhusu wafadhili, tulikubaliana hivi: mwenye gari, mwenye shimo na mheshimiwa hawamo katika wimbo. Wakitaka kutajwa, kuna pakruok baada ya chakula. Mfanyabiashara mmoja alituahidi kinanda kipya kama tutaimba jina lake katika kiitikio. Kura ilipigwa, ikawa kumi na moja kwa tisa, na kinanda chetu bado ni kile cha zamani ambacho mtasikia leo noti yake moja ya chini haitoki. Niliye upande wa tisa ni mimi, na sitaficha kwamba siku nyingine, hasa noti ile ikikataa, bado nafikiri tulipoteza. Lakini hakuna harusi tangu wakati huo ambapo mtu ameinuka kutoka mezani.

Utaratibu huu una gharama yake. Wimbo ambao zamani tuliutunga kwa siku nne sasa unachukua wiki tatu, na familia zenye haraka huenda kwa vijana wenye spika na kompyuta, ambao watakuwekea jina lako katika wimbo jioni ileile. Daftari linaonyesha mwaka jana tuliagizwa nyimbo tisa tu. Kazi nyingi sasa ni matanga, ambako hatudai malipo. Familia ikitoa kitu tunapokea kwa ajili ya sare. Na matangani ndiko tumejifunza kurudi kwenye njia ya jathum kabisa: wimbo una kiitikio kisichobadilika ambacho kwaya nzima inakijua, na nafasi za mwimbaji mmoja kati ya viitikio, ambaye amelala bomani usiku ule na kusikiliza. Asubuhi anaingiza aliyoyasikia. Hatuandiki sehemu hiyo. Ikipita imepita.

Yule mama wa leso aliaga dunia miaka miwili iliyopita. Watoto wa nyumba zote mbili walikuja pamoja kwangu, yule ndugu mkubwa akiwa mbele, na kuomba wimbo. Nilikwenda bomani na wenzangu wawili, tukakaa mpaka saa nane za usiku. Kulipokucha tuliimba jina lake, na la baba yake, na la kijiji alichozaliwa, na la bwana arusi yule aliyemlea, ambaye alisimama karibu na jeneza na watoto wake watatu. Wa kwanza wa watoto hao, msichana wa miaka sita, ana jina la mama huyo. Leo yumo kwenye kwaya ya watoto, safu ya mbele, wa pili kutoka kushoto, naye ndiye atakayeanzisha wimbo namba saba katika programu hii.